Umeumia kazini: hatua za kudai fidia bila kupunjwa

Madai mengi ninayoyaandaa hayana ubishi kama mfanyakazi aliyeumia alipwe au la. Ubishi uko kwenye kiasi, na kiasi huamuliwa na karatasi chache zinazoandikwa mapema, wakati majeruhi bado ana maumivu na hajafikiria fidia. Nitatumia mfano mmoja: mwendesha mashine ya kukata bati ambaye mashine imemkata vidole viwili vya mkono wa kulia na kumtegua kifundo cha mkono.

Hatua ya 1: Toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo

Andika saa, mahali, mashine uliyokuwa ukiitumia, viungo vilivyoumia na majina ya walioona. Kama huwezi kushika kalamu, mwenzako aandike nawe uweke alama yako. Omba nakala.

Usijaze barua maneno ya kujilaumu. Katika nchi nyingi fidia ya ajali kazini haitegemei kosa ni la nani. Inatosha kwamba uliumia kazini na kwa sababu ya kazi. Ukiandika "nilizembea" unampa mtu hoja ambayo hakuwa nayo.

Kuanzia hapo mwajiri ana wajibu wake: huduma ya kwanza, usafiri hadi hospitali, na kuripoti ajali kwa mamlaka ya kazi, bima au mfuko wa fidia ndani ya muda wa kisheria. Gharama za matibabu si mkopo wa kukatwa kwenye mshahara. Mkataba namba 17 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unaziweka kwa mwajiri au bima, pamoja na kiungo bandia kikihitajika, na kukibadilisha kikichakaa.

Hatua ya 2: Mwambie daktari kila kinachouma

Hapa ndipo madai mengi huharibika. Vidole vinavuja damu, kila mtu anaviangalia, na kifundo hakitajwi. Miezi mitatu baadaye kifundo hakikunji, lakini cheti cha kwanza kinasema "vidole viwili" tu. Bima itauliza: umejuaje kwamba kifundo kiliumia siku ile?

Kwa hiyo taja kila sehemu, hata inayouma kidogo, na useme wazi kwamba umeumia kazini na kwa namna gani. Kabla hujaondoka, omba usomewe kilichoandikwa.

Hatua ya 3: Thibitisha kipato chako chote

Tuseme, kwa fedha yoyote ile, mshahara wa msingi wa mwendesha mashine wetu ni 600 kwa mwezi, na kila mwezi hupata 150 za saa za ziada na posho. Mkataba namba 121 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1964, unaweka kiwango cha chini cha malipo ya mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda: asilimia 60 ya kipato, kwa mfanyakazi wa kawaida mwenye wategemezi. Nchi nyingine hulipa zaidi, kwa hiyo soma sheria yenu.

Kwa kipato cha 750, malipo ni 450 kwa mwezi. Mwajiri akipeleka mshahara wa msingi peke yake, yanashuka hadi 360. Kusanya hati za mshahara za mwaka mzima na uzilinganishe na fomu aliyoijaza mwajiri.

Hatua ya 4: Usiharakishe kupimwa ulemavu wa kudumu

Subiri hadi daktari aseme kwamba kidonda kimepona na matibabu hayatabadilisha hali tena. Ukipimwa mapema, ugumu wa viungo unaojitokeza baadaye hauhesabiwi.

Tuseme vidole peke yake vinapewa asilimia 12 ya ulemavu, na vikijumlishwa na kifundo inafika 20, na kwamba malipo ni asilimia hiyo ya kiasi cha mwezi cha hatua ya 3. Kwa kipato kamili, 20 kwa 100 ya 450 ni 90 kila mwezi. Kifundo kikisahauliwa na posho zikiachwa, inakuwa 12 kwa 100 ya 360, yaani 43 na senti. Ajali ni ileile, mkono ni uleule, na zaidi ya nusu ya haki yake imepotelea kwenye karatasi mbili.

Usiporidhika na asilimia, omba kwa maandishi upimwe na daktari mwingine au na jopo la madaktari. Uliza mwisho wa kukata rufaa ni lini.

Hatua ya 5: Kabla hujasaini

Ukipewa malipo ya mkupuo, uliza yamekokotolewaje: kipato gani, asilimia ngapi. Kisha tafuta sentensi inayosema kwamba umeridhika na hutadai chochote tena. Kama matibabu yanaendelea, usisaini. Kiasi ambacho hakina ubishi unaweza kukipokea kwa stakabadhi inayotaja ni cha nini, kwa mfano "malipo ya miezi minne ya kutokuwa kazini", na madai ya ulemavu wa kudumu yakabaki wazi.