Kabla daktari hajauliza umeamkaje

Raundi ya asubuhi haikai sana kitanda kimoja, iwe Lamu au Malindi. Daktari anafika na faili, nesi yuko pembeni, wagonjwa wengine wanangoja. Kwa mgonjwa ambaye moyo umedhoofika hadi maji yanajaa miguuni na mapafuni, habari za usiku ndizo zinazoonyesha kama dawa inafanya kazi, kwa hiyo zinafaa kuwa tayari kabla ya raundi kuanza.

Chukulia bibi wa miaka 70, uzito wake kilo 60, anatumia furosemidi ya kutoa maji. Daktari kijana anamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." "Umeamkaje?" "Salama, alhamdulillahi." "Usiku umelala?" "Nimelala, mwanangu." Bibi hakusema uongo. Amejibu kama alivyolelewa, akamshukuru Mungu kwanza. Lakini alilala akiwa ameegemea mito mitatu, na saa nane za usiku aliamka pumzi zimembana, akakaa kitako miguu ikining'inia hadi akatulia. Hilo halikutajwa, na dawa ikabaki ilivyokuwa.

Kwa hiyo kabla ya raundi, kubalianeni na mgonjwa kwamba baada ya alhamdulillahi ataongeza mambo ya usiku. Anze na jinsi alivyolala. Mtu akilala chali, damu iliyokuwa miguuni hurudi kifuani, na moyo dhaifu ukishindwa kuisukuma, maji huvuja kwenye mapafu. Ndiyo maana mito ni kipimo. Aliyelala kwa mito mitatu jana na leo akalala kwa mmoja bila kubanwa, ameendelea vizuri. Aliyekuwa na mmoja kisha akaishia kuketi, amerudi nyuma, hata kama anasema hajambo.

Kisha saa. Semeni "saa nane za usiku, kabla ya adhana ya alfajiri", msiseme "saa nane" peke yake. Kwenye faili hiyo ni 02:00, na mwandishi mwenye haraka anaweza kuandika 14:00 au hata 08:00. Kosa hilo si dogo, kwa sababu daktari hupima tukio dhidi ya saa ya dawa. Kidonge cha furosemidi huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi na nguvu zake hudumu kama saa sita. Kikinywewa magharibi, mgonjwa atashinda chooni usiku kucha na kesho ataonekana amechoka kwa sababu nyingine kabisa. Mara nyingi tatizo hilo huisha kwa kusogeza dozi ya pili ije mchana.

Mkojo upimwe kama nesi ameagiza, kwa jagi lenye alama. Kwa bibi wa kilo 60, chini ya mililita 30 kwa saa ni kidogo, yaani kama mililita 360 kwa usiku wa saa 12. Uzito upimwe asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai, kwa mizani ileile. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kilo mbili zikiongezeka kwa siku tatu si shibe. Hapo tazameni pia kilichotoka nyumbani: ng'onda na achari zina chumvi nyingi, na chumvi hushika maji. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni navyo hushika maji. Mtajieni daktari bila kuona haya, maana asipojua ataongeza dozi bure.

Bintiye anayemuuguza asimjibie salamu. Daktari anapouliza umeamkaje, masikio yake yanasikiliza pumzi: je, sentensi inafika mwisho, au inakatika kila maneno mawili? Je, anajua kumekucha? Mgonjwa ajibu mwenyewe, kisha binti aongeze aliyoyaona. Na yapo mambo ya choo ambayo mwanamke mzima hatayataja mbele ya kitanda cha jirani, hasa mwanawe wa kiume akiwa amesimama hapo. Mwambieni nesi wa zamu ya usiku kabla hajakabidhi, ayaandike, au mwombeni daktari avute pazia.

Kuna ya kutongojea raundi hata kidogo. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi kuwa ya buluu, akishikwa na maumivu ya kifua au akianza kuchanganyikiwa, mkalisheni kitako na kumwita nesi saa hiyohiyo, iwe saa nane za usiku au kumi za alfajiri.