Nusu kidonge cha klothalidoni: mpango wa presha kwa kliniki yenye maabara haba

Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi au mfamasia ambaye kliniki yake ina dawa chache, foleni ndefu, na maabara inayopima potasiamu siku kitendanishi kikiwepo. Unahusu jambo moja: namna ya kuingiza dawa ya kukojosha ya jamii ya thiazaidi kwenye mpango wa presha bila kumpotezea mgonjwa chumvi za mwilini na bila kuongeza gharama. Ni wa watu wazima wasio wajawazito. Kama nchi yako ina mwongozo wake, namba za mwongozo huo ndizo za kufuata.

Hatua ya 1: Andika dawa tatu kwenye karatasi moja

Mpango wa bei nafuu huanza kwa kukataa orodha ndefu. Ninaopendekeza una amlodipini, telmisartani na klothalidoni. Mbili za kwanza ziwe ndani ya kidonge kimoja, miligramu 40 za telmisartani na 5 za amlodipini. Vidonge mchanganyiko vya aina hii viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, kwa hiyo una hoja ya kumpelekea anayeagiza dawa.

Kwa nini klothalidoni na si haidroklorothiazaidi tuliyoizoea? Zote mbili huzuia figo isirudishe sodiamu mwilini, katika sehemu ileile ya mrija wake. Tofauti kubwa ni muda. Nusu ya klothalidoni hutoka mwilini baada ya saa 40 hadi 60, ilhali haidroklorothiazaidi huchukua saa chache, kati ya 6 na 15. Mgonjwa aliyesahau dozi ya asubuhi akaimeza jioni bado alikuwa amefunikwa. Indapamaidi nayo hukaa mwilini kwa muda wa kutosha, na ni mbadala mzuri.

Hata hivyo, tusiikuze mno tofauti hiyo. Mwaka 2022 matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao DCP, uliofanywa kwa maveterani wenye umri wa miaka 65 na zaidi, hayakuonyesha tofauti katika mshtuko wa moyo, kiharusi na madhara mengine makubwa kati ya dawa hizo mbili. Potasiamu iliyoshuka ilikuwa nyingi zaidi kwa waliopewa klothalidoni. Lakini soma dozi: waliobaki na haidroklorothiazaidi walikuwa wakimeza miligramu 25 au 50. Kidonge mchanganyiko chenye 12.5 hakimo katika hesabu hiyo. Kama stoo yako ina haidroklorothiazaidi tu, itumie kwa 25 na usimcheleweshe mgonjwa ukisubiri dawa bora.

Hatua ya 2: Amua nani apimwe damu kwanza

Pima presha mgonjwa akiwa ameketi na kutulia kwa dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo, mara mbili au tatu. Kama haijapanda sana, thibitisha siku nyingine. Kreatinini, potasiamu, sukari na protini kwenye mkojo ni vipimo vizuri kuwa navyo, ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 uko wazi kwamba ukosefu wake usizuie kuanza matibabu.

Mimi huweka mpaka mahali pengine: dawa mbili za kwanza zinaweza kuanza bila maabara kwa mtu asiye na dalili za ugonjwa wa figo, lakini dawa ya kukojosha isubiri kipimo kwa watu fulani. Hao ni mzee mwembamba anayekula kidogo, mwenye jongo, anayemeza digoksini, mwenye historia ya sodiamu kushuka, na anayeharisha au kutapika siku hiyo. Mwenye kufeli kwa figo naye apelekwe panapopimika. Ni kweli klothalidoni imeonekana kushusha presha hata figo zikiwa zimechoka sana, lakini wagonjwa hao walifuatiliwa kwa vipimo vya damu vya mara kwa mara, na hicho ndicho usichokuwa nacho.

Mwanamke anayeweza kupata mimba asipewe telmisartani bila mazungumzo ya wazi na uzazi wa mpango wa uhakika, kwa sababu dawa hiyo hudhuru mtoto tumboni. Kwake anza na amlodipini peke yake.

Hatua ya 3: Anza na dawa mbili, dozi ndogo

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58, aliyekoma hedhi, presha 168/102 kwa siku mbili tofauti. Mkojo hauna protini, kreatinini ni ya kawaida, potasiamu 4.1. Anapewa kidonge kimoja cha 40/5 kila siku na kuambiwa arudi baada ya wiki nne. Siku hiyo presha ni 152/94.

Wengi hapa huongeza amlodipini hadi 10. Inashusha presha zaidi ya 5 kwa kiasi kidogo tu, na inavimbisha vifundo vya miguu. Kisha mgonjwa anarudi na miguu iliyovimba, anaandikiwa furosemaidi, na sasa ana dawa ya kukojosha isiyomfaa kwa presha wala kwa uvimbe huo, maana uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini. Dawa ya tatu kwa dozi ndogo hushusha zaidi kuliko kuzidisha mara mbili ile aliyonayo. Kwa hiyo hatua inayofuata ni kukojosha.

Hatua ya 4: Ongeza klothalidoni 12.5

Kidonge kinachopatikana kwa wingi ni cha miligramu 25, hivyo mgonjwa anahitaji nusu. Mkatie wewe, au mpe kikatio. Kisu cha jikoni hutoa vipande viwili visivyolingana na unga mwingi. Kwa dawa hii tofauti ndogo kati ya nusu ya leo na ya kesho haina neno, kwa kuwa inakaa mwilini siku kadhaa. Ukitumia indapamaidi, angalia pakiti: ile ya 1.5 imetengenezwa itoke polepole, haikatwi wala haitafunwi. Ile ya 2.5 ni ya kawaida.

Imezwe asubuhi. Mwambie mgonjwa kwamba safari za chooni zitaongezeka siku za mwanzo na kisha zitapungua, na kwamba kupungua huko si dalili ya dawa kuisha nguvu. Usipomweleza hili, wapo watakaoiacha wiki ya kwanza, na wengine wataiacha baadaye wakidhani haifanyi kazi.

Mpe na onyo moja la maandishi: akitapika, akiharisha au akishindwa kunywa na kula, asimamishe klothalidoni na kile kidonge chenye telmisartani mpaka ale na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Asiache bila kuja kliniki ikiwa hali inaendelea.

Hatua ya 5: Rudia damu baada ya wiki mbili hadi nne

Kama unaweza kulipia kipimo kimoja tu kwa mwaka, kifanye hapa. Potasiamu na sodiamu hushuka mapema baada ya kuanza au kuongeza dozi.

Mama wetu amerudi baada ya siku 28. Presha 148/90, potasiamu 3.4. Ukitazama presha peke yake utaongeza klothalidoni hadi 25. Ukitazama potasiamu peke yake utaisimamisha. Yote mawili ni mapema. Kwanza hesabu vidonge.

Alipewa vidonge 30 vya mchanganyiko na vidonge 15 vya klothalidoni. Leo anatakiwa awe na 2 vya mchanganyiko na kimoja cha klothalidoni. Klothalidoni ipo sawa. Mchanganyiko uliisha siku kumi zilizopita, kwa sababu alikuwa akimgawia mdogo wake mwenye presha. Sasa namba zinaeleweka. Telmisartani huzuia figo isimwage potasiamu, hivyo ilipokosekana, klothalidoni ilibaki ikiimwaga bila kizuizi, na presha haikushuka vya kutosha. Anarudishiwa kidonge chake, mdogo wake anafunguliwa faili lake, na damu inarudiwa baada ya wiki mbili: potasiamu 3.9, presha 132/82.

Kama vidonge vingekuwa vinalingana na potasiamu bado ni 3.4, ningepandisha telmisartani hadi 80 na kuacha klothalidoni palepale. Ikiwa chini ya 3.0, simamisha dawa ya kukojosha, mpe potasiamu, na mpeleke panapopimika moyo kwa umeme ikiwa ana mapigo yasiyo ya kawaida au udhaifu wa misuli. Potasiamu inayozidi 5.5 ni tatizo la telmisartani zaidi, nalo lina haraka yake.

Sodiamu hutisha kimyakimya. Anayeshuka mara nyingi ni bibi mwembamba, wiki chache baada ya kuanza: kichefuchefu, kuyumba, kuanguka, kuchanganyikiwa. Ndugu watasema ni uzee. Mwenye dalili hizo asimamishe dawa siku hiyohiyo hata kama hakuna maabara, na apelekwe rufaa. Sodiamu ikiwa chini ya 130, dawa hiyo isirudiwe kwake, wala ndugu zake wa jamii ya thiazaidi.

Kreatinini ikipanda kidogo, vumilia. Ikipanda zaidi ya asilimia 30, tafuta sababu, ukianza na kuharisha na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Hizo pia hupandisha presha, na mgonjwa hazitaji kwa kuwa hazihesabu kuwa dawa.

Hatua ya 6: Agiza kwa mwezi wa mgonjwa

Usilinganishe bei ya kidonge kwa kidonge. Klothalidoni ya 25 inayokatwa nusu ni vidonge 15 kwa mwezi, hivyo bei yake ya kidonge inaweza kuwa karibu maradufu ya haidroklorothiazaidi na bado isikugharimu zaidi. Kwa wagonjwa 200 walio kwenye mpango, agiza vidonge 6,000 vya mchanganyiko kwa mwezi. Kama 70 kati yao wanahitaji dawa ya tatu, ongeza klothalidoni 1,050. Weka akiba ya mwezi mmoja, hasa ya mchanganyiko, kwa sababu umeona kinachotokea ukiisha wakati klothalidoni ipo.

Kidonge chenye dawa zote tatu kikipatikana kwa bei inayokaribiana, kinafaa kwa yule ambaye dozi yake imetulia miezi kadhaa. Si cha kuanzia katika kliniki isiyopima damu. Madhara yakitokea, huwezi kuondoa dawa moja ukaacha mbili.

Mgonjwa aliye kwenye dawa zote tatu, telmisartani 80 na klothalidoni 25, vidonge vikihesabika sawasawa na presha bado ni zaidi ya 140/90, amefika mwisho wa karatasi yako. Dawa inayofuata kwa kawaida ni spironolaktoni, nayo ikiungana na telmisartani hupandisha potasiamu, safari hii bila dalili. Asipewe mahali ambapo potasiamu haipimiki. Andika rufaa, na uambatanishe hesabu ya vidonge.