Utumie kiasi gani kumpata mteja mpya wa saluni kabla hajawa wa kudumu

Chukua daftari la miadi. Bei ya kusuka mara moja nitaiita 100. Wewe weka ya kwako.

Hatua ya 1: Tafuta kinachobaki. Kwenye 100 toa rasta na mafuta, 20, kisha kamisheni ya msusi, 40. Zinabaki 40. Kodi ya chumba usiitoe hapa, maana utailipa hata asipokuja.

Hatua ya 2: Hesabu ziara. Anayesuka kila baada ya wiki 6 angekuja karibu mara 9 kwa mwaka, lakini kuna safari na ugonjwa. Mimi naandika 8.

Hatua ya 3: Hesabu walioondoka. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwa kuwa huwatazama wale waliodumu tu. Orodhesha wateja wote wa kudumu uliokuwa nao mwaka mmoja uliopita, kisha uone nani bado anakuja. Aliyekaa wiki 12 bila kuonekana, mara mbili ya kawaida yake, mwandike ameondoka, hata kama mkikutana njiani mnasalimiana vizuri. Kama walikuwa 30 wakabaki 20, umepoteza theluthi moja. Upotevu ukiendelea hivyo, mteja hudumu kwa wastani wa miaka 3.

Thamani yake basi ni 40 × 8 × 3 = 960.

Hatua ya 4: Usikimbilie kutumia hiyo 960. Tuseme kati ya wageni 4, mmoja tu hurudi na kuwa wa kudumu. Wale watatu huacha 40 kila mmoja, jumla 120. Ukijumlisha 960 na 120, ukagawa kwa 4, unapata 270 kwa kila mgeni. Hicho ni kiwango ambacho ukikifikia hutabaki na faida yoyote, na fedha zenyewe zinarudi kidogo kidogo kwa miaka 3 wakati tangazo unalilipa leo.

Kwa hiyo mimi huhesabu miezi 6 ya kwanza tu. Anayedumu atakuja mara 4, ataacha 160. Ongeza 120 za wenzake, gawa kwa 4: 70. Huo ndio mpaka wangu kwa kila mgeni, tangazo na punguzo vikiwa pamoja.

Hatua ya 5: Ipime ofa kwa mpaka wake yenyewe. Niliwahi kutoa nusu bei. Viti vilijaa, nikafurahi. Kumbe wengi walifuata bei, na kati ya wageni 10 alibaki mmoja. Rudia hesabu: 160 na 360 za wale 9 ni 520, gawa kwa 10, unapata 52. Punguzo peke yake lilikuwa 50. Nilibakiwa na 2 za kulipia tangazo, na tangazo lilikuwa limenigharimu 15 kwa kila mgeni.