Kabla hujabandika mkataba kwenye tovuti ya tafsiri

Mwaka 2017, shirika la habari la Norwe, NRK, lilionyesha kwamba barua za kufukuza watu kazi, mikataba na hata nywila zilizotafsiriwa bure kwenye Translate.com zilipatikana kwa kutafuta tu Google. Waliobandika hawakudukuliwa, walibandika wenyewe.

Ofisini, tengeneza nakala ya waraka, bonyeza Ctrl+H, kisha badilisha jina la mteja liwe XA1, bei XB1, akaunti XC1. Tafsiri nakala hiyo, halafu rudisha majina kwenye kompyuta yako. Kabla ya kurudisha, hesabu alama hizo za X: zikiingia sita zikatoka tano, huenda kuna sentensi iliyomezwa. Zabuni inayojitambulisha hata bila majina usiibandike kabisa, mpe mfasiri aliyesaini mkataba wa kutunza siri.