SOMO: Madalali wa ajali wanaokufuata wodini, na jinsi ya kudai fidia bila wao (Kenya)

Naandika hii mara moja iwe imekwisha, kwa sababu kila wiki inboksi yangu ina mtu aniuliza "kuna jamaa amekuja hospitali asema atatusaidia kulipwa na bima haraka, tumuamini?" Jibu ni hapana. Sasa soma kwa nini, na ufanye nini badala yake. Nazungumzia ajali za barabarani hapa Kenya, abiria, mtembea kwa miguu au mtu wa boda aliyegongwa na gari lenye bima.

Kwanza ujue dalali afanya kazi gani hasa. Yeye si wakili wala si mtu wa bima. Apigiwa simu na mtu wake wa hospitali au wa kituo cha polisi, akufikia kabla hujaweza hata kukaa kitandani, akutilisha sahihi, kisha faili yako aenda kumuuzia wakili. Sheria ya mawakili yamkataza wakili kununua wateja hivyo, na ndiyo maana dalali hatakutajia jina la wakili siku ya kwanza hata umuulize vipi.

HATUA YA 1. Ripoti polisi, uandike nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Usitoke kituoni bila nambari.

HATUA YA 2. Kama kuna mtu wako pale kwenye ajali, apige picha nambari ya gari na stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Ile stika ina jina la kampuni na tarehe ya kwisha.

HATUA YA 3. Weka karatasi zote za hospitali. Zote, hata ya bandeji.

HATUA YA 4. Chukua abstrakti ya polisi, ile karatasi ya muhtasari wa ajali, na uisome palepale kaunta. Angalia nambari ya gari, jina la bima, na muhimu zaidi jina lako liwe kwenye orodha ya majeruhi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Watu wengi hukimbizwa hospitali wakiwa hawajitambui, majina yao hayaandikwi au yaandikwa vibaya, na bima ikiona hivyo yasema hukuwemo garini. P3 nayo, ile fomu ya kuonyesha majeraha yako, chukua hapo hapo, yenyewe hailipiwi, polisi ajaza sehemu yake na daktari ajaza yake.

HATUA YA 5. SAHIHI. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hivyo soma polepole.

Mpwa wangu alikuwa kwenye matatu yatoka Mtwapa kuja mjini, ikapinduka, akavunjika mfupa wa paja. Siku ya tatu nimekaa naye wodini akaja kijana nadhifu, ana faili, ana pole nyingi, na ajabu ni kuwa nambari ya ile matatu ashaijua kabla hatujamwambia. Akatoa elfu tano "ya chai ya mgonjwa". Akatoa karatasi tatu. Mpwa wangu mkono wa kulia ulikuwa na dripu hawezi kushika kalamu, yule kijana akatoa kidau cha wino kwenye mfuko wa shati, na mimi, mimi mwenyewe, nikamshika mpwa wangu kidole gumba nikakibandika. Mara tatu. Wino wa buluu ukabaki kwenye shuka mpaka alipotoka hospitali. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kumteua wakili, ya pili kiapo, na ya tatu ilikuwa TUPU, nikaambiwa ni "ya akiba isije ikakosewa nyengine". Nikampa na abstrakti na P3, orijino.

Baada ya mwaka na miezi tukaletewa shilingi 180,000 taslimu, kwenye bahasha, tukaambiwa bima ndivyo ilivyolipa. Mimi sikuridhika, nikaenda mwenyewe ofisi ya bima na kitambulisho cha mpwa wangu na yeye mwenyewe kwa magongo, tukaomba kuona vocha ya malipo. Wakatuonyesha. Ilikuwa 620,000, na gharama za wakili zimelipwa kando juu ya hiyo. Sahihi ni ya mpwa wangu kweli, kwa sababu yule dalali alikuja kumtilisha sahihi nyumbani karatasi ikiwa imekunjwa, sehemu ya hesabu haionekani. Tukamwendea wakili. Akasema yeye alikata asilimia 30, yaani 186,000, na zile 434,000 zilizobaki akampa dalali, na akatoa karatasi ya kumruhusu kufanya hivyo: ni ile tupu, sasa imepigwa chapa "naagiza malipo yangu akabidhiwe fulani", na dole gumba chini yake. Dole nililolibandika mimi. Kwa hivyo 254,000 zilibaki kwa dalali, na simu yake mpaka leo haipatikani.

Basi:
– Usitie sahihi wala dole kwenye karatasi tupu, iliyokunjwa, au yenye nafasi ya pesa haijajazwa.
– Usitie sahihi wodini kabisa. Mgonjwa yuko kwenye dawa za maumivu. Hakuna kinachoharibika akingoja, una miaka mitatu tangu siku ya ajali kufungua kesi.
– Orijino haitoki mkononi mwako mpaka uko ofisini kwa wakili na umepewa risiti ya kuzipokea.
– Pesa ya "chai" usipokee. Baadaye yarudi kama deni lenye riba.
– Akisema "tuna daktari wetu atakuandikia zaidi", ondoka. Bima yakupeleka kwa daktari wake wa pili, jeraha lisipolingana hata lile la kweli halisadikiki tena, na kesi ya udanganyifu ni yako si yake.

HATUA YA 6. Tafuta wakili mwenyewe. Jina lake litafute kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, uone ana leseni ya MWAKA HUU, kwa sababu leseni zote zaisha tarehe 31 Desemba. Kisha nenda ofisini kwake umuone kwa macho, si karani wake. Na hili la asilimia: sheria yetu hairuhusu wakili kukubaliana nawe kwamba malipo yake ni fungu la fidia ukishinda, mkataba huo ni batili. Ukishinda, gharama za kesi kwa kawaida zalipwa na upande ulioshindwa juu ya fidia yako. Anaweza kuwa na ada yake ya halali kwako, lakini aiandike, na pesa zikiingia akupe hesabu kwa maandishi.

HATUA YA 7. Kama ushatia sahihi, hujafungwa. Waweza kubadilisha wakili, mpya apeleka notisi kortini. Fanya mapema, maana hukumu ikishatoka yahitaji ruhusa ya korti. Na kama pesa zishaliwa na wakili, peleka malalamishi kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, hawatozi. Sisi tulikwenda, wakili alirudisha zile 186,000 kwa awamu nne. Za dalali hatukuzipata.

Maswali ulizeni hapa chini, si inboksi.

———

Kevo_Changamwe: Sijasoma yote ni ndefu, wakili wangu ataka 30% ni sawa?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Kevo_Changamwe: Lakini kila mtu hutoza hivyo

Mwandishi: Hatua ya 6, Kevo. Imeandikwa pale. Mwambie akuandikie ada yake na sababu, uone atajibu nini.

Mama Zuhra: Asalaam aleykum kaka. Mwanangu ana miaka 11, aligongwa na pikipiki mwezi wa nne akaumia mguu, sijafanya chochote, nimechelewa? Na kuna mama mmoja atujia sana nyumbani asema ana ofisi.

Mwandishi: Waaleykum salaam mama. Hujachelewa hata kidogo. Kwa mtoto ile miaka mitatu haihesabiwi mpaka atimize 18, lakini usingoje hivyo, mashahidi wahama na karatasi zapotea. Kesi ya mtoto yafunguliwa na mzazi kwa niaba yake, kwa hivyo sahihi ni yako wewe, na huyo mama hana haja ya kuwapo. Muulize tu "jina la wakili na ofisi iko jengo gani, nitakwenda mwenyewe kesho". Uone kama atarudi. Je, abstrakti unayo?

Mama Zuhra: Ninayo lakini jina wameandika la babake si la mtoto.

Mwandishi: Rudi kituo hicho hicho na cheti cha kuzaliwa na ile OB, omba warekebishe. Fanya hilo kabla ya jengine lolote.

Wakala_Halisi: Nyinyi mwatuharibia jina. Wengine sisi twasaidia watu wasiojua kusoma, twalipa mpaka teksi ya mgonjwa.

Mwandishi: Niliyemwandika alilipa elfu tano akachukua 254,000. Kama wasaidia, mpeleke mgonjwa kwa wakili, muache pale na karatasi zake, urudi nyumbani. Ukiwa wangoja fungu lake, si msaada.

Sista wa Wodi: Nafanya kazi wodi ya mifupa. Naongeza: jamaa wa mgonjwa waulize nani ameonyeshwa faili. Hawa watu huingia saa za kuona wagonjwa wakijifanya binamu, wasoma kadi kitandani. Ukimwona mtu hamumjui mwambieni nesi wa zamu.

Mwandishi: Ahsante sana sista.

Rama fundi: Swali. Bima wamenipigia wenyewe wataka kunilipa 200,000 nje ya korti, bado nina chuma mguuni. Nichukue?

Mwandishi: Swali zuri hili. Kulipwa nje ya korti si vibaya, kesi nyingi zaisha hivyo. Shida ni ile vocha, kwa kawaida husema umelipwa kikamilifu na hutadai tena. Ukiitia sahihi leo na mwakani wapasuliwa kutoa chuma, gharama ni yako. Kwa hivyo kwanza mwambie daktari aandike kwenye ripoti kwamba chuma kitatolewa na kwa kiasi gani, hiyo yaitwa matibabu ya baadaye na yadaiwa pamoja. Halafu ndio mzungumze bei, ukiwa na wakili.

Rama fundi: Na bima yaweza kulipa mpaka ngapi?

Mwandishi: Kwa sheria ya bima ya lazima mwisho ni milioni tatu kwa mtu mmoja. Ikizidi hapo wamdai mwenye gari.

Juma_K: Mimi niligongwa na gari la serikali, pia miaka mitatu?

Mwandishi: LA! Serikali ni mwaka MMOJA. Lini uligongwa?

Juma_K: Ni miezi kumi sasa

Mwandishi: Juma, usimalize wiki hii bila kuona wakili. Chukua abstrakti na P3 uende.

Bi Mwanaisha: Nyongeza ndogo, zile risiti za mashine za duka la dawa zafutika wino, yangu ilikuwa nyeupe kabisa ilipofika korti. Toeni kopi siku hiyo hiyo.

Mwandishi: Kweli kabisa, na zilizolipwa kwa M-Pesa toeni steitimenti, msitegemee meseji za simu.

Juma_K: Nimepata miadi Alhamisi saa tatu. Leseni yake nimeiangalia, ni ya mwaka huu.

Mwandishi: Vizuri. Orijino usiache bila risiti.