L'homme, j'ai, les amis: namna ya kuunganisha maneno ya Kifaransa bila kuwageuza mashujaa kuwa masufuri

Natembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja, na wengi wao ni Wafaransa. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama mbele ya kundi, kifua mbele, nikawaambia habari za mashujaa wetu. Nilikusudia kusema nos héros. Nilichotamka ni "no-zero". Bibi mmoja akainamisha kichwa kuficha kicheko, kwa maana nilikuwa nimewatangazia wageni habari za "masufuri yetu". Sarufi yangu ilikuwa sawa. Kilichoniponza ni herufi moja, s, niliyoiamsha mahali ambapo ilitakiwa iendelee kulala.

Nitakupitisha kwenye njia niliyoifuata baada ya aibu ile. Nitaandika matamshi kwa tahajia yetu ya Kiswahili, maana silabi zetu zinasaidia sana hapa. Ni makadirio tu: ukiona "on" au "an" kwenye matamshi, sauti inapita puani na n yenyewe haisikiki. Alama ‿ inaonyesha mahali pa kuunganisha, na | mahali pa kusimama.

Hatua ya 1: Jua nani anadondoka na nani anaamka

Kifaransa hakipendi irabu mbili zigongane kati ya maneno mawili yanayokwenda pamoja. Sisi nasi tunalijua jambo hili: hatusemi "jina li-ake" bali "jina lake", na "wa-ote" imekuwa "wote". Kifaransa kina dawa mbili.

Dawa ya kwanza ni udondoshaji. Irabu ya neno dogo inaanguka na nafasi yake inachukuliwa na ritifaa: le + homme inakuwa l'homme ("lom"), je + ai inakuwa j'ai. Usiichanganye na ritifaa ya ng'ombe. Ile yetu inabadili sauti, hii yao ni alama ya kaburi tu: hapa palikuwa na irabu.

Dawa ya pili ndiyo Wafaransa wanayoiita liaison, nami nitaiita uunganishaji. Konsonanti ya mwisho ambayo kwa kawaida iko kimya inaamka na kuhamia mwanzo wa neno linalofuata. Les peke yake ni "le", lakini les amis ni "le-za-mi". Angalia silabi zenyewe: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Ni mwendo wa Kiswahili kabisa, kwa hiyo mdomo wako tayari unauweza.

Tofauti kubwa ni hii: udondoshaji unaandikwa na ni lazima, ilhali uunganishaji hauandikwi na una masharti.

Hatua ya 2: Kariri maneno yanayodondosha, basi

Ni machache: le, la, je, me, te, se, ce, de, ne, que, pamoja na watoto wa que kama lorsque na puisque. Mbele ya irabu yote yanapoteza irabu yao: l'école, je t'aime, c'est, d'abord, il n'a pas, qu'elle.

Mitego ni mitatu. Kwanza, si inadondosha mbele ya il na ils tu: s'il vient, lakini si elle vient. Pili, qui haidondoshi kamwe katika Kifaransa sanifu. L'homme qui arrive ni mtu anayefika, l'homme qu'il attend ni mtu ambaye yeye anamngoja. Ukiikata qui umebadilisha mtendaji. Tatu, ma, ta na sa hazikatwi, zinabadilishwa: rafiki wa kike ni mon amie, ingawa neno ni la kike. Kadhalika ce ya kuonyeshea inakuwa cet: cet homme.

Na maneno haya yanadondosha yakitangulia neno yanaloliegemea. Viwakilishi je, ce, le na la vikiungwa nyuma ya kitenzi kwa kistari vinabaki vizima: puis-je entrer ?

Hatua ya 3: Pima h kabla ya kufungua mdomo

Hapa ndipo nilipoangukia. H ya Kifaransa haitamkwi kamwe, lakini ziko h za aina mbili. Moja ni kama haipo: l'homme, l'hôtel, les‿hôtels ("le-zo-tel"). Nyingine iko kimya lakini ni ukuta. Haipitishi udondoshaji wala uunganishaji: le héros, la honte, la hache, le hibou, le haricot. Kwa wingi, les héros ni "le e-ro", pumzi ikikatika kidogo katikati.

Kwa nini? Homme lilitoka Kilatini, na h ya Kilatini ilikuwa imekwisha kufa vinywani kabla Kifaransa hakijawa Kifaransa. Maneno kama honte na hache yaliingia baadaye kutoka kwa Wafranki, watu wa lugha ya jamii ya Kijerumani, nao walikuwa wanaitamka h yao kweli. Kwa karne nyingi ilisikika, kisha ikanyamaza, lakini ukuta ukabaki. Ni kama nyumba iliyobomolewa ambayo watu bado wanazunguka mahali ulipokuwa mlango.

Lakini héros halikutoka kwa Wafranki. Asili yake ni Kigiriki, likapitia Kilatini, na kwa haki yake lilipaswa kuwa kama homme. Ndugu zake wanakubali: l'héroïne, l'héroïsme. Lenyewe tu ndilo lililojenga ukuta, na ukuta huo unawaokoa mashujaa wasigongane na masufuri, les zéros.

Kwa jicho huwezi kujua h ipi ni ipi. Kamusi nyingi huweka nyota mbele ya neno, au alama kama ritifaa mwanzoni mwa matamshi. Mimi nilifanya hivi: kila neno jipya la h nalijifunza pamoja na le, la au l' yake, sio peke yake. Usijione mjinga ukikosea. Les haricots, maharage, huwaponyoka Wafaransa wenyewe, wakasema "le-za-ri-ko".

Kuna maneno yenye ukuta bila hata h: onze, oui, yaourt. Tunasema le onze mars, sio l'onze.

Hatua ya 4: Tafuta neno dogo linaloegemea

Mgawanyo wa uunganishaji katika mafungu matatu, wa lazima, wa marufuku na wa hiari, ulipangwa vizuri na mwanafonetiki Pierre Delattre mwaka 1947, na walimu wengi bado wanafundisha kwa jedwali la namna hiyo. Jedwali linatisha kwa urefu. Kazini natumia swali moja: je, neno la kwanza linaweza kusimama peke yake? Kama haliwezi, kama ni dogo linaloegemea linalofuata, unganisha.

Kwa hiyo unganisha baada ya les, des, un, mon, nos, ces na tarakimu: un‿homme, nos‿enfants, deux‿heures. Unganisha baada ya nous, vous, ils, elles, on zikitangulia kitenzi, na pia kitenzi kikitangulia: vous‿avez, est‿-il, allons‿-y. Unganisha sifa ikitangulia jina: un petit‿hôtel. Na baada ya vihusishi vifupi na très: chez‿elle, en‿avion, très‿ancien.

Ukikosa hapa utasikika vibaya, na pengine maana itapotea. Ils ont ni "il-zon", wanayo. Ils sont ni "il-son", wao ni. Z na s ndizo zinazotenganisha kuwa na kitu na kuwa kitu.

Konsonanti ikiamka inaweza kubadili sauti: s na x huwa z, d huwa t. Grand‿hôtel ni "gran-to-tel". F ya neuf huwa v mbele ya ans na heures: neuf‿heures, "ne-ver".

Sisi wa kazi hii mtihani wetu wa kila siku ni bei. Deux‿euros ina z, vingt‿euros na cent‿euros zina t, quatre-vingts‿euros na deux cents‿euros zina z kwa sababu zina s mwishoni. Quatre euros haina kitu cha kuamsha, lakini utasikia watu wakichomeka z ya bure. Wafaransa wana majina ya makosa hayo: z isiyo na haki wanaiita velours, t isiyo na haki wanaiita cuir, yaani mahameli na ngozi.

Hatua ya 5: Simama penye mpaka

Marufuku ni kinyume cha hatua iliyopita. Baada ya et usiunganishe kamwe, hata kama t inakutazama: un thé et | un café. Usiunganishe kiima chenye jina kamili na kitenzi: Jean | arrive, les enfants | arrivent. Usiunganishe jina la umoja na sifa inayolifuata: un étudiant | anglais.

Hili la mwisho linabeba maana. Un savant aveugle ukitamka bila t ni mwanazuoni asiyeona. Ukiamsha t, savant linakuwa sifa na aveugle linakuwa jina: kipofu mwenye elimu.

Hatua ya 6: Kwa hiari, punguza

Baada ya pas, mais, est, sont, avaient, na kati ya jina la wingi na sifa yake, uamuzi ni wako: il est arrivé au il est‿arrivé, des hôtels anciens au des hôtels‿anciens. Kadiri unavyounganisha zaidi ndivyo unavyosikika kama mtu aliye jukwaani. Mimi sokoni Darajani siunganishi karibu chochote cha hiari, isipokuwa c'est‿un, iliyozoeleka. Nikisoma hotuba ya kukaribisha ujumbe naongeza kidogo. Anayeanza akiacha za hiari zote hatakosea.

Hatua ya 7: Pitisha sentensi nzima

Hii naisema karibu kila asubuhi, yaani tutawasubiri wengine, kisha twende pamoja kwa rafiki saa tano:

Nous allons attendre les autres et on ira ensemble chez un ami à onze heures.

Nous inaegemea allons: unganisha, "nu-za-lon". Allons na attendre ni hiari, naacha. Les autres ni lazima, "le-zotr". Et inafuatwa na on: marufuku, "e on". On inaegemea ira: "on-ni-ra". Chez un ami ina mbili mfululizo, "she-zen-na-mi". À onze: ukuta, irabu mbili zinagongana na unaziacha zigongane. Onze heures inasikika "on-zer", lakini huo sio uunganishaji, kwa sababu z ya onze inatamkwa hata neno likiwa peke yake. Imesogea tu.

"Nu-za-lon atandr le-zotr, e on-ni-ra ansambl she-zen-na-mi a on-zer."

Jirekodi kwa simu ukiisema polepole, kisha sikiliza sehemu mbili tu, "e on" na "a on-zer". Ukisikia "e-ton" au "a-zon-zer", umeamsha iliyolala, na ni palepale pa kurudia.