Ukinunua, nani anakuuzia? Somo la watengeneza soko na ukwasi

Kuna swali huwasumbua wengi wanaoanza kununua hisa: kama mimi naamini bei itapanda, huyu anayekubali kuniuzia anajua nini nisichokijua? Mara nyingi hajui chochote zaidi yako, na wala hana maoni juu ya hisa hiyo. Huyo ni mtengeneza soko: kazi yake ni kununua na kuuza mchana kutwa, na anachoogopa ni kwamba wewe ndiye unayejua kitu. Tufuate oda moja toka mwanzo hadi mwisho ili tuone hofu hiyo inavyogeuka kuwa gharama yako.

Hatua ya 1: Fungua daftari la oda

Programu nyingi za udalali zina ukurasa unaoonyesha oda zinazosubiri. Usiishie kutazama ile namba moja kubwa ya "bei". Namba hiyo ni ya biashara iliyokwisha kufanyika, na hakuna anayekuahidi kwamba utaipata. Ahadi ziko humu:

```
Wanaouza             Wanaonunua
100.02   hisa 200    99.98   hisa 200
100.04   hisa 500    99.97   hisa 600
100.06   hisa 300    99.95   hisa 900
```

Anayeuza rahisi kuliko wote anataka 100.02, na anayenunua ghali kuliko wote anatoa 99.98. Tofauti ya 0.04 ndiyo spredi. Katikati ni 100.00, lakini kwa bei hiyo hakuna mtu hata mmoja.

Hatua ya 2: Pitisha oda yako kwenye daftari kwa kalamu

Tuseme unataka hisa 1,000 na umeweka oda ya soko, yaani nunua sasa kwa bei yoyote iliyopo. Utapata 200 kwa 100.02, kisha 500 kwa 100.04, kisha 300 kwa 100.06. Jumla ni 100,042. Wastani wako ni 100.042, ingawa skrini ilikuonyesha 100.02 wakati unabonyeza.

Sasa ubadili nia papo hapo uuze zote, na upande wa wanunuzi haujaguswa. Utauza 200 kwa 99.98, 600 kwa 99.97 na 200 kwa 99.95, jumla 99,968. Umepoteza 74 kabla ya ada yoyote, na kampuni yenyewe haijapata habari mbaya wala nzuri.

Hiyo 74 ndiyo kipimo ninachokiamini cha ukwasi, yaani urahisi wa kuingia na kutoka sokoni. Watu wengi hupima ukwasi kwa wingi wa hisa zilizouzwa jana, lakini swali lako ni jingine: kwa kiasi changu mimi, kuingia na kutoka sasa hivi kunanigharimu nini? Kwa hisa 100, daftari hilihili lingekugharimu 4 tu. Hisa ni ileile na dakika ni ileile. Kilichobadilika ni ukubwa wa oda.

Hatua ya 3: Mfuate aliyekuuzia

Chukua zile 200 za kwanza, tuseme zimetoka kwa mtengeneza soko. Kabla hujaja alikuwa ameweka oda pande zote mbili, 99.98 na 100.02. Baada ya kukuuzia, akiba yake imepungua kwa hisa 200, naye hapendi kukaa hivyo. Basi anasogeza bei zake zote mbili juu: sasa ananunua kwa 100.00 na kuuza kwa 100.04. Anamvutia atakayeuza amjazie pengo, huku akimpunguzia hamu atakayetaka kununua zaidi.

Baada ya muda mfupi, pengine sekunde chache, anatokea mtu mwenye shida ya fedha na kumuuzia 200 kwa 100.00. Mtengeneza soko amerudi alipoanzia akiwa na faida ya 0.02 kwa kila hisa, yaani 4. Tazama vizuri: hakupata spredi nzima ya 0.04. Nusu yake ameitoa ili auondoe mzigo haraka.

Kwa hiyo mtu "halisi" wa upande wa pili wa biashara yako ni huyo mwenye shida ya fedha. Hamkukutana kwa sababu yeye alifika baada yako. Mtengeneza soko aliziba ule muda uliowatenganisha, na 4 ndiyo ujira wake.

Ujira huo mdogo ukirudiwa mara nyingi huwa kitu kikubwa. Kampuni ya Virtu, mtengeneza soko wa Marekani, ilipowasilisha nyaraka za kuuza hisa zake kwa umma mwaka 2014, ilisema kwamba katika siku 1,238 za biashara ilipata hasara siku moja tu. Anayebashiri bei hawezi kupata matokeo ya namna hiyo.

Hatua ya 4: Elewa anachoogopa

Turudishe saa nyuma. Aliyenunua zile 200 kwa 100.02 si wewe. Ni mtu anayejua kwamba habari njema inatoka muda si mrefu. Inatoka, na bei inaruka hadi 100.50. Mtengeneza soko sasa lazima azirudishe hisa 200 kwa 100.50. Hasara ni 0.48 mara 200, yaani 96. Ili aifidie anahitaji biashara 24 kama ile iliyompa 4.

Yeye hawezi kujua yupi ni yupi, kwa sababu oda haina uso. Njia aliyo nayo ni kuwatoza wote kidogo zaidi, ili wasiojua walipie hasara anayoipata kwa wanaojua. Ndiyo maana spredi hupanuka dakika chache kabla ya taarifa za faida za kampuni au uamuzi wa benki kuu, na kusinyaa baadaye. Vilevile hisa ndogo isiyofuatiliwa na wengi huwa na spredi pana: huko anayebisha hodi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mtu wa ndani.

Hapa pia ndipo unapoelewa jambo linalowashangaza wengi: Marekani, kampuni kama Citadel Securities na Virtu huwalipa madalali ili oda za wateja wadogo zipelekwe kwao. Si kwamba wateja hao ni wajinga. Oda zao ni ndogo na kwa kawaida hazina siri nyuma yake, hivyo kuzihudumia kuna hatari ndogo. Mteja mara nyingi hupata bei nzuri kidogo kuliko iliyo kwenye soko la hisa. Ubishi uliopo ni kama angepata nzuri zaidi endapo dalali asingelipwa.

Hatua ya 5: Hakikisha upo soko la aina gani

Haya yote ni ya soko lenye daftari la pamoja. Ukifanya foreksi au CFD, yaani mikataba ya kubashiri mwendo wa bei bila kumiliki kitu chenyewe, kwenye programu ya kampuni moja, kisheria anayekuuzia ni kampuni hiyohiyo. Inaweza kuihamishia hatari yako kwingine, au ikabaki nayo, na ikibaki nayo, hasara yako ni faida yake. Tafuta kwenye mkataba waraka wa "Order Execution Policy" na usome sehemu yenye neno "principal". Hapo ndipo wanapokiri kuwa wao ndio upande wa pili. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wadogo wa CFD hupoteza fedha. Kampuni inayoijua namba hiyo haina sababu kubwa ya kukimbilia kuihamisha hatari.

Maswali ya wanachama

Rehema: Shikamoo mwalimu. Mimi nafanya foreksi. Nimeuza, bei haikufika kwenye oda yangu ya kuzuia hasara, lakini imefungwa. Si wizi huu?

Marahaba Rehema. Yawezekana, ila kagua jambo moja kwanza. Ukiwa umeuza, unafunga kwa kununua, kwa hiyo oda yako huguswa na bei ya wauzaji. Chati ya MetaTrader 4 huchora bei ya wanunuzi, yaani ya chini. Spredi ikipanuka, bei ya juu inaweza kuigusa oda yako na mshumaa usionyeshe chochote. Bonyeza F8, nenda "Common", weka alama kwenye "Show Ask line". Kisha angalia saa ilipofungwa: kama ni karibu na saa 11 jioni ya New York, siku ya foreksi inapogeuka, spredi hupanuka kwa kampuni nyingi. Kama si saa hiyo na hakukuwa na habari, linganisha na bei za kampuni nyingine mbili kwa dakika ileile. Wao wakiwa kwingine na yako peke yake imeruka, hapo una hoja ya kuwaandikia.

Juma: Nikiweka oda yenye kikomo nikasubiri, si nami nimekuwa mtengeneza soko? Spredi nailipa wapi tena?

Kwa oda hiyo, ndiyo, na hofu yake umeirithi. Weka kununua kwa 99.98. Bei ikipanda bila kushuka, hutapata kitu. Habari mbaya ikitoka, utapata zote, na dakika mbili baadaye zinauzwa 99.60. Oda inayosubiri hujazwa kirahisi zaidi pale ambapo ungetamani isijazwe. Mtengeneza soko huifuta yake ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na wewe uko kazini simu iko mfukoni. Bado naipendelea kuliko oda ya soko kwa hisa zenye daftari jembamba, lakini usiiache wazi wakati taarifa za kampuni zinatarajiwa.

Baba Salma: Lakini watengeneza soko si wana wajibu wa kuweka bei muda wote? Basi soko haliwezi kukauka.

Wajibu unategemea soko, na ulipokuwepo ulikwepeka. Tarehe 6 Mei 2010, Marekani, bei zilianguka kwa dakika chache na wengi walijiondoa. Waliotakiwa kubaki walikuwa na oda za kutimiza wajibu tu, za kununua kwa senti moja, ambazo hakuna aliyetegemea zifikiwe. Oda za soko zilipokula kila kitu kilichokuwa juu, zilizifikia. Hisa za Accenture, zilizokuwa zikiuzwa kwa takriban dola 40, ziliuzwa kwa senti moja. Biashara zilizotoka mbali mno na bei zilifutwa baadaye, na mwishoni mwa mwaka huo oda za namna hiyo zikapigwa marufuku. Waliouza kwa senti hawakuwa wameiandika popote. Waliandika "bei yoyote".

Rehema: Swali la mwisho mwalimu. Nikinunua hisa ikapanda, nani amepoteza?

Huenda hakuna. Mtengeneza soko alishamaliza zamani na 4 yake. Yule mwenye shida ya fedha pengine alinunua kwa 60 miaka mitano iliyopita akaondoka na faida. Amekosa nyongeza, fedha zake hazikupungua. Kwenye CFD ni tofauti: kile unachopata hulipwa na mtu mwingine, na wa kwanza kudaiwa ni kampuni yako.